Mshindi mmoja kila jimbo, duru mbili au uwiano: kwa nini kura zetu huishia kwenye vyama viwili

Kila panapozungumzwa marekebisho ya uchaguzi Unguja na Pemba, mazungumzo hukimbilia kwenye Tume, daftari la wapigakura na ulinzi wa masanduku. Hayo ni mambo mazito. Lakini liko swali jengine ambalo lingebaki hata kama kila sanduku lingehesabiwa kwa uaminifu kamili, nalo ni kanuni gani hutumika kuzigeuza kura kuwa viti, na kanuni hiyo inawafanyia nini wale wanaotaka kuanzisha au kuunga mkono chama cha tatu. Makala hii ni kwa ajili ya wanaoandaa maoni yao juu ya jambo hilo na wanasita kati ya njia tatu: kubaki na jimbo lenye mshindi mmoja anayepatikana kwa wingi wa kura, kuingia katika mfumo wa duru mbili, au kuchukua mfumo wa uwiano.

Sehemu ndefu zaidi nimeipa njia ya kwanza, kwa sababu ndiyo tunayoishi nayo na ndiyo tunayoielewa kwa mazoea kuliko kwa hesabu.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. La kwanza ni athari ya kimakanika, yaani kile ambacho kanuni yenyewe inakifanya baada ya kura kupigwa, kama kinu kinavyosaga nafaka bila ya kujali mwenye nafaka ni nani. La pili ni athari ya kisaikolojia, yaani kile ambacho wapigakura, wagombea na viongozi wa vyama wanakifanya kabla ya siku ya kura kwa kuwa wanajua kinu kitasaga vipi. La tatu ni mahali ambapo nadharia inashindwa, kwa sababu hakuna kanuni ya uchaguzi inayofanya kazi sawasawa kila pahala. La nne ni nani anayefaidika na njia hiyo na katika hali gani.

Tofauti ya athari hizo mbili aliieleza Mfaransa Maurice Duverger mwaka 1951, alipodai kwamba uchaguzi wa mshindi mmoja kwa duru moja huelekea kuzaa vyama viwili vikubwa. Neno la kushikilia hapo ni "huelekea". Duverger alieleza mwelekeo wenye sababu zake, na sababu hizo zikikosekana mwelekeo nao hulegea.

Njia ya kwanza: jimbo moja, mshindi mmoja, wingi wa kura

*Athari ya kimakanika.* Tuchukue jimbo la kubuni lenye kura halali 10,000. Chama A kinapata 4,200, chama B 3,500 na chama C 2,300. A kinachukua kiti chote kwa asilimia 42, na kura 5,800 za waliobaki hazipati mwakilishi. Kama sura hiyo itajirudia katika majimbo yote 50, chama C chenye karibu robo ya kura za nchi nzima kitarudi nyumbani bila ya kiti hata kimoja, na chama B chenye zaidi ya theluthi kitarudi mikono mitupu vilevile. Kwa kawaida majimbo hayafanani kiasi hicho. B huwa na ngome zake hapa na pale na hupata viti kadhaa. Chama ambacho wafuasi wake wametawanyika kila pahala kwa kiwango cha kati ndicho kinachoumia zaidi, kwa sababu kila pahala ni cha tatu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa Uingereza mwaka 1983. Muungano wa Waliberali na chama cha SDP ulipata asilimia 25.4 ya kura ukaambulia viti 23 kati ya 650, ilhali chama cha Labour kilipata asilimia 27.6 kikatoka na viti 209. Tofauti ya kura ilikuwa asilimia mbili na kitu, na tofauti ya viti ilikuwa mara tisa. Kura za Labour zilikuwa zimerundikana mijini na kwenye maeneo ya viwanda, na za Muungano zilikuwa zimesambaa nchi nzima kama mvua ya rasharasha.

Kwetu kinu hichohicho kilisaga kwa namna nyengine, na uchaguzi wa Julai 1963 unastahili kusomwa polepole. Viti vilikuwa 31. ASP ilipata asilimia 54.2 ya kura, Hizbu, yaani ZNP, ikapata asilimia 29.8, na ZPPP ikapata asilimia 15.9. Viti vikagawika hivi: ASP 13, Hizbu 12, ZPPP 6. Chama chenye zaidi ya nusu ya kura kilikosa zaidi ya nusu ya viti, na serikali iliundwa na vyama viwili ambavyo kwa pamoja havikufika asilimia 46. Huhitaji kudai udanganyifu ili uyaeleze matokeo hayo. ASP ilishinda baadhi ya majimbo yake kwa wingi mkubwa mno, na kura zinazozidi ile moja inayohitajika kumpita mpinzani haziongezi kiti. Wapinzani wake walishinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo, yaani walizitumia kura zao kwa uchumi. Kanuni hii, basi, humwadhibu wa tatu aliyetawanyika, na pia aliyerundikana kupita kiasi, hata kama ndiye wa kwanza.

Jambo jengine hapo ni kwamba chama cha tatu, ZPPP, hakikusagwa. Asilimia 15.9 ya kura iliipa sita kati ya viti 31, ambavyo ni zaidi ya asilimia 19. Ilikuwa na watu wake pamoja, khasa hapa Pemba, na ilikuwa na mapatano, na mapatano hayo ndiyo mlango wa kuingilia athari ya pili.

*Athari ya kisaikolojia.* Katika uchaguzi wa Januari 1961 Hizbu na ZPPP viligombea kila kimoja kivyake. Viti vilikuwa 22, na matokeo yakawa ASP 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kilichukuliwa na ASP kwa tofauti ya kura moja tu. Wajumbe watatu wa ZPPP wakagawika, wawili wakaenda upande wa Hizbu na mmoja upande wa ASP, Baraza likasimama 11 kwa 11 na serikali ya kudumu ikashindikana. Uchaguzi ukaitishwa tena Juni mwaka huohuo, kikiongezwa kiti kimoja ili pasitokee sare tena.

Kati ya Januari na Juni viongozi wa Hizbu na ZPPP waliisoma hesabu. Walifahamu kwamba wakisimamisha wagombea wawili katika jimbo moja watagawa kura za watu walewale na mpinzani atapita katikati, kwa hivyo wakakubaliana kugawana majimbo. Hicho ndicho ambacho Watanzania wa leo wanakiita kuachiana majimbo, na ndicho walichojaribu vyama vya UKAWA mwaka 2015. Matokeo ya Juni 1961 yakawa ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Vyama vilibaki vitatu kwa majina, lakini kwenye karatasi ya kura ushindani ulikuwa umeshakuwa wa pande mbili. Uchaguzi huo ulifuatiwa na machafuko yaliyoua watu 68. Silisemi hilo kuilaumu kanuni peke yake. Nalisema kwa sababu wazee wanapozitaja tarakimu hizi hawazitaji kama mafumbo ya hesabu, na sisi pia hatuna haki ya kuzitaja hivyo.

Kwa viongozi, basi, athari ya kisaikolojia ni kuungana au kutogombea. Kwa mpigakura ni kukiacha chama anachokipenda zaidi. Rudi kwenye jimbo letu la kubuni. Mfuasi wa C anajua kwamba chama chake hakitoshi, na kati ya A na B anamchukia A zaidi. Akipigia C, hamsaidii yeyote. Akipigia B, huenda akamzuia A. Katika mabaraza yetu hoja hiyo ina maneno yake mafupi: usipoteze kura yako. Nilipokuwa kijana Wete nilimuuliza ami yangu kwa nini hakumpigia mgombea mmoja msomi ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimsifu kila jioni. Akanijibu, "Mwanangu, yule ni mtu mwema, lakini kura yangu si zawadi ya wema." Nilikasirika wakati ule. Leo naona kwamba alikuwa amefanya hesabu sahihi kwa kanuni iliyokuwepo, na lawama yangu ilipaswa kwenda kwenye kanuni.

Athari hizo mbili hulishana. Kinu kinakinyima kiti chama cha tatu leo. Kesho mfadhili wake anasita, mgombea wake bora anahama, mpigakura wake anamwacha. Na keshokutwa kinu kinakuta kura chache zaidi za kusaga. Kura za urais wa Zanzibar zinaonesha mzunguko huo ukiwa umeshakamilika. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa kwa asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, na wagombea wengine wote kwa jumla hawakufikia asilimia moja.

Kuna tukio jengine linalofundisha zaidi ya hayo. Machi 2019, baada ya mgogoro wa uongozi wa CUF kuamuliwa mahakamani, Maalim Seif alihamia ACT-Wazalendo, na wafuasi wengi wakamfuata kwa kauli ya "shusha tanga, pandisha tanga". Kwa mfumo wa uwiano tungetarajia kambi hiyo igawike, baadhi wabaki na baadhi wahame, na kila kundi lipate viti vyake. Haikuwa hivyo. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020, ambayo upinzani uliyakataa, Dk. Hussein Mwinyi alipewa asilimia 76.27, Maalim Seif 19.87, na wengine wote, CUF wakiwemo, chini ya asilimia 4. Hata asiyezikubali tarakimu hizo ataona jambo moja: nafasi ya mpinzani ilikuwa moja, na chama kilichokaa humo miaka mingi kilipoondoka hakikuacha mabaki makubwa. Chama kilibadilika, idadi ya pande ikabaki mbili. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2010 yanazidi kuimarisha hilo, kwa kuwa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais huenda kwa chama kilichoshika nafasi ya pili, na aliye wa tatu haipati.

*Mahali inaposhindwa.* Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kanuni hii inaleta vyama viwili vya nchi. Kwa ukweli inaleta washindani wawili katika kila jimbo. Majimbo yote yakiwa na washindani walewale, nchi itakuwa na vyama viwili. Majimbo ya huku yakiwa na A dhidi ya B, na ya kule yakiwa na A dhidi ya D, nchi itakuwa na vitatu au zaidi. Ndiyo maana India na Kanada, zenye kanuni hiyohiyo, zina vyama vingi bungeni. Kwetu visiwa ni viwili na kiti cha urais ni kimoja, na kura ya urais hupigwa siku moja na ya Wawakilishi, kwa hivyo ushindani wa juu huvuta ushindani wa majimboni uvae nguo zilezile.

Aidha, mpigakura hawezi kukiacha chama cha tatu kama hajui cha tatu ni kipi. B na C wakikaribiana, kila upande utamwambia mwenzake ajitoe, na hakuna atakayejitoa. Kuna kipimo chepesi cha kulitambua hilo ambacho wataalamu hukitumia: gawanya kura za wa tatu kwa kura za wa pili katika jimbo. Jawabu likikaribia sifuri, watu wamekwisha kumwacha wa tatu. Likikaribia moja, walishindwa kukubaliana nani aachwe. Katika jimbo letu la kubuni 2,300 kwa 3,500 ni karibu 0.66, ishara ya watu ambao bado hawajaamua. Katika kura ya urais ya 2010, hata ukimpa wa tatu kura zote zilizobaki, jawabu ni chini ya 0.02.

Hapa lazima niweke tahadhari. Sifuri ile haithibitishi kwamba watu walikuwa wakitamani vyama vyengine wakavikimbia kwa hofu. Huenda wengi hawakuwa na chaguo la tatu mioyoni mwao, kwa sababu mgawanyiko wetu una mizizi iliyotangulia mfumo wa vyama vingi wa 1992. Maoni yangu ni kwamba kanuni hii haikuuzaa mgawanyiko wa Zanzibar. Iliukuta, ikaulinda, na inamtoza ada kubwa yeyote anayetaka kusimama nje yake.

*Inamfaa nani.* Inawafaa wanaotaka mwakilishi mmoja anayejulikana kwa jina na kwa mlango wake, ambaye shehia ikikosa maji wanajua wamfuate nani. Inawafaa pia wanaotaka chama kimoja kiweze kuunda serikali bila ya kutafuta washirika. Haiwafai wachache waliomo ndani ya ngome ya wengine. Mwaka 1995 CUF ilichukua majimbo yote 21 ya Pemba. Wapemba waliopigia CCM walikuwepo, lakini jimboni hakuwepo Mwakilishi hata mmoja aliyetokana na kura zao.

Njia ya pili: mshindi mmoja kwa duru mbili

*Athari ya kimakanika.* Mgombea asiyefikisha zaidi ya nusu hatangazwi. Wawili wa juu wanarudi kwa wapigakura. Kwa kiti kimoja kama urais hii inazuia mtu kushinda kwa theluthi ya kura huku theluthi mbili wakimkataa. Liberia mwaka 2005 ilikuwa na wagombea 22 wa urais. George Weah aliongoza duru ya kwanza kwa asilimia 28.3, na Ellen Johnson Sirleaf akashinda ya pili kwa asilimia 59.4. Kwa kanuni ya kwanza rais angekuwa Weah. Hata hivyo, mfumo huu ukitumiwa kwa viti vya Baraza, kinu bado kinatoa mshindi mmoja kwa kila jimbo, na wachache wa ndani ya ngome wanabaki walipokuwa.

*Athari ya kisaikolojia.* Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Mpigakura anaweza kumpigia anayempenda katika duru ya kwanza na bado akapata nafasi ya kumzuia anayemchukia katika duru ya pili. Vyama navyo havihitaji kuachiana majimbo mapema, kwa sababu mapatano yanaweza kufanywa baina ya duru mbili, kila chama kikiwa kimeshaupima uzito wake hadharani. Duverger alisema mfumo huu huzaa vyama vingi vilivyofungwa kwa miungano, na Ufaransa inafanana na maelezo hayo.

*Mahali inaposhindwa.* Duru mbili haziondoi woga wa kupoteza kura, zinauhamisha. Badala ya kuuliza nani anaweza kuwa wa kwanza, mpigakura anauliza nani anaweza kuwa wa pili. Na pale ambapo pande zimeshakuwa mbili zenye karibu nusu kwa nusu, duru ya pili haitafika. Mwaka 1995 na 2010 mshindi alitangazwa akiwa juu ya nusu, kwa hivyo kanuni hii isingebadilisha hata herufi moja ya matokeo. Baraza lolote linaloipendekeza kama dawa ya Zanzibar linapaswa kulijibu hilo kwanza. Kuna pia gharama ya kupiga kura mara mbili, na wiki za mvutano katikati, ambazo kwa historia yetu si jambo dogo.

*Inamfaa nani.* Inafaa mahali penye wagombea wengi waliokaribiana, na kwa nafasi ya mtu mmoja. Kwa wenye chama kichanga inatoa fursa ya kujipima bila ya kuitwa wasaliti, ingawa haitoi ahadi ya kiti.

Njia ya tatu: uwiano wa kura

*Athari ya kimakanika.* Jimbo linakuwa kubwa lenye viti vingi, au nchi nzima inakuwa jimbo moja, na kila chama kinapata viti kwa kadiri ya kura zake. Turudi Julai 1963 tuone. Asilimia 54.2 ya viti 31 ni 16.8, asilimia 29.8 ni 9.2; asilimia 15.9 ni 4.9. Tukitoa viti vizima tunapata 16, 9 na 4, jumla 29. Viti viwili vilivyobaki vinakwenda kwa wenye mabaki makubwa zaidi, ambao ni ZPPP na ASP. Matokeo yanakuwa ASP 17, Hizbu 9, ZPPP 5, na serikali inabadilika mikono. Kanuni ya kugawa kwa namba zinazofuatana, ambayo nchi nyingi za uwiano huitumia, inatoa jawabu hilohilo.

Lakini msomaji asiondoke na tarakimu hizo kama ukweli uliofichwa wa 1963. Zile zilikuwa kura zilizopigwa na watu waliojua kwamba mshindi ni mmoja kila jimbo, tena chini ya mapatano yaliyowanyima wengi nafasi ya kumpigia chama chao katika jimbo lao. Chini ya uwiano Hizbu na ZPPP visingehitaji kuachiana majimbo, pengine vyama vyengine vingeingia, na waliobaki nyumbani katika majimbo yasiyo na ushindani wangetoka. Kuzihesabu upya kura za zamani kwa kanuni mpya kunaonesha athari ya kimakanika peke yake. Athari ya kisaikolojia imeshakwisha kuingia ndani ya kura zenyewe, na haitoki kwa kikokotoo. Nimeona maandiko mengi mazuri yakiharibika kwa kulisahau hilo.

*Athari ya kisaikolojia.* Kiti kikipatikana kwa sehemu ndogo ya kura, sababu ya kukiacha chama unachokipenda inapungua, na sababu ya viongozi kuvumiliana ndani ya chama kimoja inapungua pia. Anayekosa nafasi anaweza kuondoka na kundi lake akaishi. Afrika Kusini hugawa viti 400 vya bunge kwa uwiano, na sehemu ndogo sana ya kura inatosha kupata kiti kimoja. Mwaka 2024 vyama 18 viliingia bungeni, na ANC, iliyopata asilimia 40.18, ilichukua viti 159.

*Mahali inaposhindwa.* Uwiano unategemea ukubwa wa jimbo. Ukiigawa Pemba katika majimbo ya viti viwiliviwili na kuuita huo uwiano, chama cha tatu kitakuwa kimeachwa nje kama zamani, kwa sababu kugawana viti viwili kunamtaka kila mshindi awe na takriban theluthi ya kura. Pia orodha ikiandikwa na makao makuu ya chama, mwananchi wa Micheweni hatajua Mwakilishi wake ni nani, na mgombea atawaogopa waandika orodha kuliko wapigakura. Na bunge lisilo na chama chenye wingi hulazimika kuunda serikali ya ushirika. Sisi tumeshaionja ladha ya ushirika tangu 2010, tamu yake na chungu yake.

Kuna namna ya mchanganyiko inayojaribu kupunguza kasoro hizo. Lesotho mwaka 1998 ilitumia kanuni ya mshindi mmoja. Chama cha LCD kilipata asilimia 60.7 ya kura kikachukua viti 79 kati ya 80, na nchi ikaingia katika ghasia. Katika uchaguzi wa 2002 walibakisha majimbo 80 na kuongeza viti 40 vya kufidia, vinavyogawiwa ili jumla ya viti ikaribiane na kura. Chama cha BNP, ambacho hakikushinda jimbo hata moja, kilipata viti 21 kwa njia hiyo. Mwananchi alibaki na mjumbe wake wa jimbo, na kura za walioshindwa zikapata mlango.

*Inamfaa nani.* Inawafaa wachache waliotawanyika au waliomo ndani ya ngome ya wengine, na vyama vyenye hoja ambayo haina kijiji chake. Haiwafai sana wanaothamini kumjua mjumbe wao kwa sura, wala wanaotaka kuiondoa serikali nzima kwa kura moja ya wazi.

Kwa hali yako

Kama kinachokusumbua ni rais kutangazwa akiwa na chini ya nusu katika uwanja wenye wagombea wengi, tazama duru mbili, ukijua kwamba katika chaguzi zetu zilizokaribiana kanuni hiyo isingeguswa.

Kama unachokitaka ni Mwakilishi anayepatikana shehiani na chama kinachoweza kutawala peke yake, kanuni ya sasa inakupa vyote viwili. Bei yake ni kwamba chama cha tatu kitaishi tu kikiwa na ngome yake mwenyewe, kama ZPPP ilivyokuwa nayo, au kikikubali kuachiana majimbo.

Kama malalamiko yako ni ya Mpemba wa CCM au Mmakunduchi wa upinzani ambaye hajawahi kuiona kura yake ikimpeleka mtu Barazani, duru mbili hazitakusaidia. Viti vya kufidia kwa mfano wa Lesotho, au majimbo makubwa yenye angalau viti vitano, ndivyo vinavyoligusa tatizo lako.

Na kama unaanzisha chama kipya leo chini ya kanuni iliyopo, usianze kwa kusimamisha wagombea kila pahala. Chukua matokeo ya kila jimbo, gawanya kura za wa tatu kwa za wa pili, na tafuta majimbo ambayo jawabu linakaribia moja. Huko wapigakura bado hawajakubaliana nani wa kuachwa, na wiki chache za kazi shehia kwa shehia zinaweza kuamua kwamba atakayeachwa si wewe.